Nilinunua umeme kwa bei ya jumla

Kosa ninalolieleza hapa halikufanywa na mita, wala mtandao, wala wakala. Nililifanya mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na pesa taslimu mkononi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku hiyo nilijiona mjanja kuliko soko zima la Kiwira.

Ilikuwa Juni 2024, na zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika. Sisi wauza ndizi na viazi hatupati mshahara wa mwisho wa mwezi. Pesa yetu huja na malori. Lori la Dar likipakia, una pesa. Lisipopakia, unaishi kwa mkopo wa sukari. Ndiyo maana mtu akishika donge la mchezo hujaribu kuziba matundu yote kwa mkupuo, kabla pesa haijapotea kwenye misiba na michango. Tundu lililokuwa linanikera kuliko yote lilikuwa LUKU. Nilizoea kununua umeme wa 2,000 leo, wa 1,000 keshokutwa, na katikati tukilala gizani mara kwa mara kwa sababu mita imeishiwa saa tatu usiku wakati mimi sina hata senti kwenye simu.

Nikajiambia: mwaka huu basi. Nikatenga shilingi 50,000, nikaenda kwa wakala, nikanunua umeme ambao kwa hesabu yangu ungetufikisha Krismasi. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Siku zote nilipolipa 5,000 nilipata uniti 41. Basi 50,000 ni mara kumi yake, uniti 410. Nyumba yetu ilikuwa inatumia uniti 60 hivi kwa mwezi. Gawanya mwenyewe uone kama Krismasi haifiki.

Ujumbe ulipoingia kwenye simu niliangalia kitu kimoja tu, zile tarakimu 20 za tokeni. Nikarudi nyumbani, nikaziingiza kwenye rimoti, ikakubali. Kiwango kilichosomeka kilikuwa 170 na pointi kadhaa, pamoja na uniti chache zilizokuwa zimebaki. Nikaona ni nyingi, maana sikuwahi kuona tarakimu tatu kwenye mita yangu tangu tuvutiwe umeme kwa ile shilingi 27,000 ya mradi wa vijijini. Kwamba nilitegemea 410 nikapata 167, nilikuja kukumbuka baadaye sana. Mtu mwenye furaha hahesabu.

Ujumbe ule bado ninao, sikuufuta. Niuandike hapa kama ulivyosomeka, ukiacha namba za mita na risiti, kwa sababu majibu yote yalikuwa humo tangu siku ya kwanza:

```
KWH 167.2
Cost 39754.10
VAT 18% 7155.74
EWURA 1% 397.54
REA 3% 1192.62
```

Ukijumlisha mistari minne ya pesa unapata 48,500. Ile 1,500 iliyopungua kwenye 50,000 yangu ni kodi ya majengo ya mwezi, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Hiyo nilikuwa naijua, kila mtu anaijua, kila mtu anailalamikia. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini 48,500 iliyobaki ilizaa uniti 167 badala ya karibu 400.

Sababu ni kwamba mita yetu iko kwenye kundi la D1. Hili ni kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mtu wa D1 hununua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 1 ya EWURA na asilimia 3 ya REA, unalipa 122. Ukivuka 75 ndani ya mwezi huohuo, kila uniti ya ziada inapanda kuwa 350, na ukiongeza makato yaleyale inafika 427. Mara tatu na nusu. Na mfumo hauhesabu umetumia uniti ngapi, unahesabu umenunua ngapi kuanzia tarehe moja hadi mwisho wa mwezi. Hauna habari kwamba wewe unajiwekea akiba ya Desemba.

Kwa hiyo pesa yangu iligawanyika hivi. Uniti 75 za kwanza zilikula 9,150. Iliyobaki, 39,350, ilinunua uniti 92 tu kwa bei ya 427. Uniti hizohizo 167, kama ningezinunua 75 Juni, 75 Julai na 17 Agosti, zingenigharimu shilingi 20,400 hivi. Nililipa 48,500. Tofauti ni zaidi ya shilingi 28,000, na niliitoa mwenyewe, kwa hiari, nikisema asante.

Mimi nimekulia sokoni. Nanunua viazi kwa gunia nauza kwa sado, na faida yangu yote iko kwenye tofauti hiyo: anayenunua kingi hupunguziwa, anayenunua kidogo hupandishiwa. Akili yangu haikuwahi kuwaza kwamba kuna bidhaa inayofanya kinyume, ambayo rejareja yake ndiyo rahisi na jumla yake ndiyo ghali. Bei ya D1 imepangwa hivyo kwa makusudi, ili mwenye balbu nne na redio apate nafuu na mwenye matumizi makubwa alipe zaidi. Anayenunua wa miezi sita kwa siku moja, machoni pa mfumo, ni tajiri.

Ningekuwa nimekosea hapo tu ningenyamaza, maana hasara iliyopita imepita. Lakini kosa la pili lilikuwa limejificha ndani ya la kwanza.

Kwetu Juni na Julai ni baridi ya kweli, ukungu unashuka kutoka Mlima Rungwe na kukaa mpaka saa nne. Masika ya huku huwa marefu, kuni hazikauki, na ndiyo maana tulinunua hita ya kuchemshia maji, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo. Kabla ya mchezo, hita ilikuwa na sheria zake. Ndoo moja asubuhi kwa wanafunzi, ndoo moja jioni kwa baba watoto akirudi migombani, basi. Walipoona 170 kwenye rimoti, sheria zikafa zenyewe bila kikao. Maharage yakahamia kwenye jiko la umeme. Kila mtu akataka ndoo yake. Na mimi sikukataza, kwa sababu hata mimi nilioga maji ya moto mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe.

Ndoo ya lita 20 ni bei gani? Wengi huku hatujui, nami sikujua. Uniti moja ni sawa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Kupandisha joto la lita 20 kutoka nyuzi 15, maji yanavyotoka bombani asubuhi za Julai, mpaka nyuzi 45 za kuogea, kunahitaji uniti 0.7 hivi, na ndoo ikiwa wazi inapoteza joto, hivyo ni zaidi kidogo. Kwa bei ya 122 ni shilingi 85. Kwa bei ya 427 ni shilingi 300. Ndoo mbili kwa siku zinakula uniti 42 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya zile 75 za bei nafuu. Ndoo nne kwa siku zinakula 84, yaani hita peke yake inakuvusha kabla hujawasha balbu. Balbu zetu nne za wati 9, zikiwaka saa nne kila usiku, hazifikishi uniti 5 kwa mwezi. Miaka yote hiyo nilikuwa nagombana na watoto kuhusu taa ya uani.

Umeme wa Krismasi uliisha mwanzoni mwa Agosti.

Uliisha usiku, kama kawaida yake, na sikuwa na kitu. Asubuhi nilikopa 5,000 kwa mama mwenzangu wa mezani, nikaenda kwa wakala yuleyule, nikasubiri uniti zangu 41. Zikaja 16.4. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia kijana wa watu, mbele ya wateja wake, kwamba ameniibia, kwamba Juni pia aliniibia, na kwamba nitamfikisha serikali ya mtaa. Nilisema na mengine ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kumwambia kijana wa umri wa mwanangu.

Hakujibu kwa ukali. Alisema, "Mama, shikamoo kwanza. Hebu nipe simu yako." Akafungua ujumbe, akanionyesha mstari wa deni la kodi ya majengo: 3,000. Sikununua umeme wowote Julai, kwa sababu nilikuwa na akiba, basi kodi ya Julai ilikuwa imenisubiri. Agosti ilipofika zikawa mbili. Elfu tatu ikaondoka, ikabaki 2,000, na 2,000 kwa bei ya 122 ni uniti 16.4 kamili, bila hata nukta ya wizi. Kisha akarudi nyuma kwenye ujumbe wa Juni, akagawanya kwa kikokotoo cha simu yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua yote niliyoyaeleza juu.

Nilimwomba radhi palepale, nikiwa nimesimama mbele ya wateja walewale.

Yeye ndiye aliyenifundisha kununua kwa hatua. Nimeongeza yangu kidogo kutokana na maisha ya nyumba yetu, lakini mzizi ni wake.

Cha kwanza ni kujua nyumba inakula nini kwa siku. Nilisoma rimoti kila jioni baada ya taarifa ya habari, nikaandika kwenye daftari la madeni ya viazi. Ukitoa ya leo kwenye ya jana unapata matumizi. Wiki mbili zilitosha kuonyesha sura: siku ya kawaida uniti mbili, siku ya kupiga pasi sare za shule mbili na nusu, siku ya wageni na jiko la umeme nne na zaidi. Uniti 75 kwa mwezi wa siku 31 ni uniti 2.4 kwa siku. Nikiwa chini ya hapo, niko salama. Nikiwa juu, nimeanza kuchota kwenye 427 bila kujua.

Cha pili ni kugawanya manunuzi kwa jinsi pesa inavyokuja, siyo kwa jinsi kalenda ya wenye mshahara inavyotaka. Mwanzoni mwa mwezi nanunua 5,000, ikiwa na ile 1,500 ya kodi ndani yake, napata uniti 28.7. Hiyo inanitosha karibu wiki mbili. Ya pili ni ya katikati ya mwezi, 3,000, uniti 24.6. Ya mwisho ndiyo yenye ujanja, na nitaieleza. Katikati ya hatua hizi kuna mstari ambao hatuuvuki: rimoti ikisoma 10, mtu ananunua siku hiyohiyo, hata kama ni wa 1,000. Uniti 10 ni siku nne za nyumba yetu. Zamani nilisubiri mita ilie. Mita ikilia umeshachelewa, kwa sababu inalia kwa uniti chache sana, na haijui kwamba simu yako haina salio au mtandao uko chini. Mei 2021 mfumo wa kununua LUKU ulikwama kwa siku kadhaa nchi nzima, watu wakazunguka na pesa mkononi bila pa kuzipeleka. Siku nne za akiba nimezipima kwa tukio lile.

Sasa hatua ya mwisho. Siku mbili tatu kabla mwezi haujaisha nafungua simu, najumlisha KWH za ujumbe wote wa mwezi huo. Tuseme nimenunua 53. Nina nafasi ya uniti 22 zaidi kwa bei nafuu, na nafasi hiyo inakufa usiku wa mwisho wa mwezi. Haihamii mwezi unaofuata. Uniti zenyewe zikishaingia kwenye mita hazifi. Basi nanunua wa 2,500, uniti 20.5, naishia 73 na pointi, hata kama rimoti bado inasoma vizuri. Sijazi 75 kamili, naacha pengo dogo ili hesabu ya senti isinivushe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wazo langu la Juni halikuwa la kijinga lote. Akiba inawezekana, ila inajengwa kabla ya baridi, kidogokidogo, ndani ya 75 za kila mwezi. Tuchukue nyumba yangu: miezi ya joto tunatumia 60, miezi ya baridi tukijitahidi tunatumia 95. Nikinunua 75 Februari, Machi, Aprili na Mei, kila mwezi nabakiza 15, na Juni inanikuta na 60 kwenye mita. Juni, Julai na Agosti kila mmoja unahitaji 20 juu ya 75. Ishirini mara tatu ni 60. Baridi imepita, na hakuna uniti hata moja niliyoilipia 427. Pesa inayotoka kila mwezi haibadiliki, 9,150 na kodi yake, 10,650. Kwenye daftari hesabu inakaa vizuri kuliko ilivyokaa nyumbani. Aprili tulikuwa na msiba, wageni walilala siku kadhaa, na akiba ya mwezi ule ikaliwa yote. Juni iliyofuata ilitukuta na 43, na mwishoni mwa Agosti tulibana hita.

Kuna njia moja niliyoijaribu ambayo simshauri mtu. Kwa kuwa familia ikiona namba kubwa kwenye rimoti inalegea, niliona nizifiche: nikanunua tokeni ya nyongeza nisiiingize, nikaiandika kwenye daftari kama anayeficha noti kwenye kanga. Wakala aliposikia alishtuka. Ilikuwa Oktoba 2024, na mita zote za aina hii duniani zilikuwa zinaelekea tarehe 24 Novemba 2024. Kila tokeni hubeba muda wake, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuandikia dakika hizo ilikuwa inajaa siku hiyo. Ilibidi kila mita ibadilishwe ufunguo kwa kuingiza tokeni mbili za ziada kabla ya ile ya umeme. Wengi mtakumbuka ujumbe wenye mafungu matatu ya tarakimu 20. Mita ikishabadilishwa, tokeni ya zamani iliyolala kwenye daftari inakataliwa. Niliingiza yangu jioni ileile. Hata bila tarehe ile, mita hukumbuka tokeni za karibuni tu. Ya zamani sana ikija nyuma ya nyingine nyingi huonekana imepitwa na kukataliwa. Umeme mahali pake ni kwenye mita. Kama ni kuficha, ficha rimoti.

Yapo mambo mawili yanayovuruga hesabu hii hata kwa aliyeielewa. La kwanza ni zawadi. Mwanangu aliye Dar ni mtoto mwema, na akikumbuka nyumbani anatununulia LUKU ya 10,000 bila kuuliza. Akinunua nikiwa nimeshafikisha 40 kwa mwezi huo, uniti 35 zinaingia kwa 4,270, na 5,730 inayobaki inaleta 13 tu. Mita haijali nani amelipa. Yeyote anayenunua kwa namba ile anahesabiwa pamoja. Dalili ni rahisi kuiona: 5,000 isiyo na mstari wa kodi lazima ilete uniti 41. Ikileta 30 au 20, umeshavuka, na bora usubiri tarehe moja kama akiba inaruhusu.

La pili ni kwamba si kila mita iko D1. Nyumba yenye wapangaji wanaochangia mita moja haiwezi kubaki chini ya 75, na anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa kundi la kawaida, T1, ambako kila uniti ni 292, na pamoja na makato ni 356. Huko 10,000 huleta uniti 28 uwe umenunua mara moja au mara ishirini. Jirani yangu mwenye vyumba vya kupangisha alinisikia nikihubiri haya, akaanza kununua kidogokidogo kwa mwezi mzima, na hakuona tofauti yoyote. Kwake yeye kununua kwa hatua kunamsaidia kutolala gizani na kutorundika kodi, lakini hakumpunguzii bei. Angalia ujumbe wako: ukitoa kodi ya majengo, ukagawanya pesa iliyobaki kwa KWH, ukapata 122, wewe ni D1, ukipata 356, ni T1. Ukipata katikati au zaidi, rudi kwenye hadithi yangu ya Juni.

Kuhusu maji niseme kidogo, kwa sababu mdogo wangu anaishi Iringa na huko kuna mita za maji za kulipa kabla. Aliponisikia alitaka kunakili mpango wangu mzima, nikamzuia. Maji yanauzwa kwa uniti ya lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia ndoo mbili kwa siku, inakula lita 200 kwa siku, uniti 6 kwa mwezi. Kwake uniti ziliisha haraka kuliko hesabu hiyo, na tatizo halikuwa kwenye manunuzi. Nilimwambia afunge mabomba yote usiku, asome mita, aisome tena alfajiri kabla mtu hajaamka. Ilikuwa imetembea. Boya la tangi la choo lilikuwa limechoka, maji yanatiririka chooni kimyakimya usiku kucha. Kwa mita ya kulipa mwisho wa mwezi angeliona kwenye bili. Kwa ya kulipa kabla aliliona kama pesa inayoyeyuka, akaanza kumshuku dada wa kazi. Alibadilisha boya. Sasa ananunua kila Jumamosi, na ana madumu mawili yaliyojaa nyuma ya mlango, ambayo umeme hauna mfano wake.

Mwanangu nimemwambia asinunue tena LUKU, atume pesa kwenye simu yangu nami nitajua tarehe ya kununua. Amekubali kwa shingo upande. Anasema pesa ya simu itaishia kwenye vitenge, na kwa kweli ya Septemba iliishia huko.